Vipodozi vya macho kwa mvaaji wa lenzi: poda au krimu, lenzi kwanza au wanja kwanza, na kipi kitupwe baada ya maambukizi

Mtu anayevaa lenzi za macho na pia kujipaka vipodozi vya macho hulazimika kuchagua kwa vipimo viwili ambavyo mara nyingi huvutana. Kipimo cha kwanza ni kile kitakachoingia jichoni leo, yaani unga, mafuta au nyuzi zitakazodondoka na kutua juu ya lenzi. Kipimo cha pili ni kile kitakachobaki ndani ya kichupa au kikopo baada ya brashi kuingia na kutoka humo mara nyingi, yaani vijidudu. Poda kavu hushindwa mapema katika kipimo cha kwanza kwa sababu hupukutika, lakini hufanya vizuri katika cha pili, kwa kuwa bakteria hawastawi penye ukavu. Maskara, krimu na wanja wa maji ni kinyume chake: vikiwa vimetengenezwa vizuri havimwagi unga, lakini unyevunyevu wao ni mahali pazuri pa bakteria kuzaliana. Kwa hiyo hakuna kipodozi kimoja kinachoshinda pande zote, na mwenye lenzi hufanya vyema kujua kila kimoja kina kasoro gani, kisha achague ile anayoweza kuidhibiti.

Kwa asiyevaa lenzi, chembe ya poda inayoangukia jichoni huelea kwenye machozi, husukumwa na kope kila anapopepesa, na baada ya muda hukusanyika kwenye pembe ya jicho karibu na pua, ambapo huifuta pamoja na tongotongo bila hata kufikiri. Lenzi huvuruga safari hiyo. Lenzi laini ya kawaida ina kipenyo cha takriban milimita 14, hivyo hufunika konea yote, yaani utando angavu wa mbele ya jicho, na kupitiliza kidogo juu ya weupe wa jicho. Chembe iliyoingia chini yake haina njia fupi ya kutoka, na iliyotua juu yake husuguliwa na kope ya juu maelfu ya mara kwa siku. Mafuta nayo hayaoshwi kwa machozi peke yake: hujipaka juu ya lenzi, na lenzi za silikoni haidrojeli, ambazo ndizo zinazovaliwa na watu wengi siku hizi kwa sababu hupitisha hewa vizuri, huyashika kwa urahisi zaidi kuliko zile za zamani.

Lenzi kwanza au vipodozi kwanza

Kwa lenzi laini jibu ni moja: lenzi huvaliwa kabla ya kipodozi chochote, na jioni hutolewa kabla ya kuanza kufuta kipodozi chochote. Sababu ya nusu ya kwanza ni vidole. Mtu aliyekwisha kupaka poda na wanja ana rangi kwenye ncha za vidole hata kama haioni, na lenzi laini ikishikwa hunyonya kilichopo juu ya ngozi. Zaidi ya hapo, kuvaa lenzi hufanya jicho litoe machozi kwa dakika chache, na machozi hayo huharibu wanja uliokwisha kupakwa, ndipo mtu anapoanza kufuta, kurekebisha na kusukuma unga ndani. Sababu ya nusu ya pili ni kwamba kufuta vipodozi ndio wakati mchafu kuliko wote katika siku: maskara iliyokauka huvunjika vipandevipande, na dawa ya kufutia huyeyusha rangi na kuitawanya ukingoni mwa kope. Lenzi ikiwa bado imo jichoni wakati huo, inakuwa kitambaa cha kukusanyia taka zote hizo.

Kwa lenzi ngumu, zile zinazopitisha hewa na zenye kipenyo cha milimita 9 hadi 10 hivi, ushauri uliozoeleka kwa madaktari wa macho wa Marekani ni tofauti: vipodozi vipakwe kwanza, kisha lenzi zivaliwe. Lenzi hizi ni ndogo, huteleza juu ya konea kila mtu anapopepesa, na mtu anapovuta kope ili achore mstari ulionyooka, lenzi inaweza kusogea au hata kuruka nje. Lililo zito zaidi ni kwamba chembe ya poda ikiingia chini ya lenzi ngumu huuma papo hapo kama sindano, na mtu hulazimika kuitoa lenzi akiwa katikati ya kujipamba. Hata hivyo utaratibu huu una gharama yake: mikono lazima ioshwe upya kwa sabuni baada ya vipodozi, na asiyeona vizuri bila lenzi atahitaji kioo kinachokuza. Wapo wataalamu wanaowaelekeza wavaaji wote waanze na lenzi, laini au ngumu, ili kuondoa mkanganyiko. Mwenye lenzi ngumu amsikilize yule aliyempimia, kwa kuwa ndiye anayejua jinsi lenzi yake inavyokaa. Jioni hakuna tofauti, kwani aina zote mbili hutoka jichoni kabla ya kufuta.

Kwa mvaaji wa lenzi laini, mpangilio kamili wa asubuhi huenda hivi. Kwanza kamilisha dawa za nywele za kupuliza, kwa sababu matone yake hubaki hewani na kuganda juu ya lenzi. Kisha osha mikono kwa sabuni isiyo na mafuta mengi wala manukato makali, na uikaushe kwa taulo isiyoacha nyuzi. Losheni ya mikono isubiri hadi lenzi ziwe zimekwisha kuvaliwa. Vaa lenzi, ngoja dakika chache mpaka machozi yatulie, funga jicho moja kisha jingine uhakikishe kwamba unaona sawasawa na hakuna kinachokwaruza. Hatua hii ya kungoja watu huiruka, ilhali ndiyo inayokuwezesha kujua baadaye kama tatizo limeletwa na lenzi yenyewe au na vipodozi. Ikiwa jicho lilikuwa shwari kabla ya poda na limeanza kuuma baada ya poda, huna haja ya kutafuta mchawi. Baada ya hapo hufuata krimu ya ngozi kuzunguka jicho, ikibaki mbali na ukingo wa kope, kisha rangi ya kope, kisha wanja, na maskara huja mwisho.

Poda, krimu, na rangi zinazometameta

Hapa ndipo penye uamuzi mkubwa, kwa sababu rangi ya kope ndicho kipodozi kinachofunika eneo kubwa kuliko vingine na kilicho juu kabisa ya jicho, kwa hiyo kila kinachodondoka hakina pengine pa kwenda ila chini.

Poda ya kumwaga, ile inayokaa kwenye kikopo kama unga, ndiyo chaguo baya zaidi kwa mvaaji wa lenzi. Hakuna mbinu ya mkono itakayoizuia isipeperuke. Poda iliyoshindiliwa ni bora kuliko hiyo, ila ubora wake hutofautiana sana: nyingine hushikana vizuri, nyingine ukigusa tu brashi huinua ukungu wa vumbi. Kuijua ni rahisi. Gusa poda kwa kidole kikavu mara moja, kisha uguse mgongo wa mkono juu ya karatasi nyeupe na upulize polepole. Iliyoachia unga mwingi kwenye karatasi itafanya hivyohivyo juu ya jicho lako kila utakapopepesa mchana kutwa.

Rangi zenye vimeta zina tatizo la aina yake. Vimeta vingi ni vipande bapa vya maika, au vya plastiki katika vile vikubwa zaidi, na ubapa huo ndio unaovifanya vimulike mwanga. Chembe ya poda ya kawaida ni ndogo sana, lakini kipande kikubwa zaidi, bapa na chenye kingo, kinaponaswa kati ya lenzi na konea huweza kukwaruza. Mkwaruzo kwenye konea wenyewe huweza kupona kwa siku chache, lakini kwa mvaaji wa lenzi ni mlango uliofunguliwa kwa bakteria, hasa wale wanaopenda mazingira ya lenzi. Kwa maoni yangu, vimeta vikubwa vinavyoonekana kimoja kimoja kwa macho havina nafasi kwenye uso wa mtu mwenye lenzi. Anayependa mng'ao achague rangi ya krimu yenye mng'ao laini kama wa lulu, ambamo chembe zimeshikwa ndani ya krimu yenyewe, na aipake kwa kidole safi katikati ya kope, mbali na nywele za kope.

Krimu nayo ina mafungu mawili, na kosa la kawaida ni kudhani kwamba kila krimu ni salama kwa kuwa haipukutiki. Krimu iliyotengenezwa kwa mafuta mazito hailetei jicho unga, lakini joto la ngozi huilainisha, nayo husogea taratibu mpaka ukingoni mwa kope na kuingia kwenye machozi. Dalili zake hazifanani na za poda. Chembe ya poda hukwaruza mahali pamoja, na unaweza kuonyesha kwa kidole ni wapi. Mafuta hayakwaruzi, bali huleta ukungu unaosafika kwa sekunde moja unapopepesa, kisha unarudi. Mtu mwenye ukungu wa namna hiyo mara nyingi hudhani nguvu ya lenzi imebadilika na kwenda kupimwa upya, kumbe angebadilisha krimu tu. Krimu ambayo msingi wake ni maji, inayokauka na kushika ngozi baada ya nusu dakika hivi, ndiyo ninayoipa nafasi ya kwanza miongoni mwa rangi zote za kope kwa mvaaji wa lenzi, mradi mwenyewe akubali kwamba ina maji ndani yake na kwa hiyo haistahili kukaa mwaka mzima kwenye mkoba.

Anayebaki na poda iliyoshindiliwa, kwa sababu za bei, mazoea au rangi anazozipenda, anaweza kupunguza sana madhara yake. Apake kwanza msingi mwembamba wa krimu isiyo na mafuta ili poda ipate pa kushika. Achukue poda kidogo kwa brashi iliyoshonana, aigonge brashi pembeni mwa kikopo ili unga wa ziada udondoke hapo badala ya usoni, afunge jicho kabisa, na agandamize poda juu ya kope badala ya kuiswaki huku na huko. Asifungue jicho mara moja. Kwanza apitishe brashi safi na laini chini ya jicho, kwa mwelekeo wa kutoka puani kwenda nje, ili kuondoa kilichoangukia shavuni, maana kilichoangukia shavuni ndicho kinachopandishwa jichoni na kidole baadaye.

Na ikiwa chembe imekwisha kuingia? Matone ya kulainisha lenzi yanaweza kuitoa. Yasipotosha, osha mikono, toa lenzi, iweke kwenye ncha ya kidole na uitazame dhidi ya mwanga kutoka ubavuni. Chembe huonekana kama doa lenye mpaka. Mafuta huonekana kama alama ya kidole kwenye kioo cha dirisha. Lenzi ya mwezi mmoja husuguliwa taratibu pande zote mbili kwa dawa ya lenzi kama maelekezo ya dawa hiyo yanavyosema, kisha huoshwa kwa dawa hiyohiyo, kamwe si kwa maji ya bomba wala kwa mate. Lenzi ya siku moja haisafishwi, hutupwa na kuvaliwa nyingine. Hii ndiyo sababu mtu anayejipamba macho karibu kila siku hupata nafuu kubwa kwa lenzi za siku moja kuliko za mwezi: kosa la asubuhi huisha jioni, ilhali kwenye lenzi ya mwezi mabaki ya mafuta na rangi hujumlika siku baada ya siku hata kwa anayesafisha kwa bidii.

Wanja: nje ya nywele za kope au ndani yake

Kwenye ukingo wa kope, nyuma tu ya nywele, kuna matundu madogo ya tezi zinazotoa mafuta ya machozi. Ni tezi kadhaa kwa kila kope, zilizopangwa kwa mstari. Mafuta yao ndiyo yanayozuia machozi yasikauke upesi, na mvaaji wa lenzi huyahitaji kuliko mtu mwingine yeyote. Kupaka wanja kwenye ukingo wa ndani ni kuchora moja kwa moja juu ya matundu hayo. Jaribio dogo lililofanywa katika Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, na kuchapishwa mwaka 2015 lilionyesha kwamba wanja wa penseli uliopakwa ndani ya mstari wa nywele uliingia kwenye machozi haraka na kwa wingi zaidi kuliko uliopakwa nje yake. Kati ya wanja wa ndani na wa nje, basi, sioni ulinganifu wowote: mwenye lenzi aupake nje, akiacha ukingo wenyewe wazi.

Kati ya penseli na wanja wa maji tofauti ni ndogo zaidi. Wanja wa maji ukikauka hushika vizuri, lakini ukipakwa tabaka nene huvunjika magamba jioni. Penseli laini haivunjiki, ila husogea kwa joto. Penseli ina faida moja ambayo kifaa cha brashi hakina: ukiichonga kabla ya kila matumizi unapata ncha mpya ambayo haijagusa kitu. Wanja wa unga wa kijadi, ambao aina zake nyingine huwa na madini ya risasi, una kasoro mbili kwa pamoja, kwa kuwa ni unga na ni sumu, na kwa hiyo hauingii katika ulinganisho huu.

Maskara tatu zilizo tofauti

Maskara isiyoingia maji hushika siku nzima bila kupukutika sana, lakini haitoki kwa maji, hivyo humlazimu mtu kutumia dawa ya kufutia yenye mafuta, na mafuta hayo yakibaki kwenye ukingo wa kope usiku ndiyo yanayoikuta lenzi safi asubuhi. Maskara ya nyuzi, ile inayorefusha nywele za kope kwa vipande vifupi vya nailoni au reyoni, huonekana nzuri kwa saa mbili tatu za mwanzo, kisha nyuzi huanza kuachia moja moja. Uzi mmoja chini ya lenzi unatosha kuharibu siku. Aina ya tatu hutengeneza kijifuko cha plastiki laini kuzunguka kila unywele. Haisambai, haipukutiki unga, na jioni hutoka kwa maji ya uvuguvugu ikiwa vijibomba vidogo vinavyoonekana kwenye pamba. Kwa mvaaji wa lenzi ninaiweka mbele ya hizo mbili bila kusita. Maskara ya kawaida inayotoka kwa maji huifuata, ikipakwa kuanzia katikati ya unywele kwenda nchani na kuachwa shina bila kuguswa.

Ila maskara zote ziko sawa katika kipimo cha pili, yaani vijidudu. Mswaki hugusa nywele za kope, ambazo daima zina bakteria, kisha hurudishwa ndani ya bomba lenye giza na unyevu. Vihifadhi vilivyomo hupambana nao, lakini nguvu yake hupungua kadiri bomba linavyofunguliwa. Mwaka 1977 watafiti wa Marekani waliandika katika jarida la tiba ya macho habari za wagonjwa waliopata vidonda vya konea vilivyosababishwa na bakteria aina ya Sudomonasi, ambavyo vilihusishwa na maskara iliyochafuka. Sudomonasi huweza kula konea kwa kasi ya saa na si ya siku, na lenzi ni miongoni mwa mambo yanayoipa nafasi. Huenda lebo ikaonyesha kikopo kilichofunguliwa chenye maandishi "6M", maana yake miezi 6 tangu kufunguliwa, lakini pendekezo lililozoeleka kwa maskara ni miezi 3, na mvaaji wa lenzi ashike hilo fupi. Ikikauka kabla ya hapo itupwe. Kuongeza maji au mate ndani ya bomba ni kuzimua vihifadhi na kuingiza bakteria kwa mkupuo mmoja.

Baada ya maambukizi: kipi kitupwe, kipi kibaki

Tuchukue mfano wa mwanamke anayevaa lenzi laini za mwezi mmoja. Jumatatu asubuhi anaamka jicho la kulia limegandamana kwa tongotongo zito la manjano, weupe umekuwa mwekundu, ila haoni maumivu makali na bado anaona sawasawa. Daktari anasema ni maambukizi ya bakteria kwenye utando wa jicho na kumpa matone ya antibiotiki. Mkoba wake una maskara iliyofunguliwa wiki tano zilizopita, wanja wa maji, wanja wa penseli, poda ya kope yenye rangi sita, krimu ya kope ambayo hajaifungua, brashi mbili na kibano cha kukunjia nywele za kope.

Maskara na wanja wa maji havina mjadala. Vyote viwili vina unyevu, vyote viwili vina kifaa kinachorudi ndani, na antibiotiki itasafisha jicho lakini haitasafisha bomba. Akivirudia wiki ijayo atajipandikizia upya bakteria walewale. Hoja kwamba ni jicho moja tu lililougua haimwokoi, maana mswaki mmoja ulipita macho yote mawili.

Penseli ndiyo inayowafanya watu wabishane, kwa kuwa inachongeka. Kuchonga kunafaa kama usafi wa kila siku, lakini baada ya maambukizi kichongeo chenyewe kimekwisha kuguswa na ncha ileile, na mfuniko pia. Naye aitupe pamoja na kichongeo.

Poda ya kope ni swali gumu zaidi, kwa sababu ndicho kitu ghali mkobani na kwa sababu tulikwisha kuisifu hapo juu kwamba ni kavu. Wapo wanaokwangua tabaka la juu au kupuliza spiriti juu yake. Spiriti hulowesha uso wa poda tu na haifiki kwenye mipasuko ambamo brashi imekuwa ikisukuma unga na ngozi iliyokufa. Tena ukavu unaowadhoofisha bakteria hauwasumbui adenovirusi, ambao ndio kisababishi kikubwa cha macho mekundu yanayoambukizana: virusi hao huweza kuishi kwenye sehemu kavu kwa wiki kadhaa, na spiriti ya kawaida haiwaui kwa uhakika. Hivyo poda inayoshinda katika siku za kawaida haina upendeleo wowote baada ya ugonjwa, hasa pale ambapo hakuna aliyethibitisha kama kisababishi ni bakteria au virusi. Itupwe.

Krimu ambayo haijafunguliwa hubaki, baada ya kufuta ganda lake. Brashi za sponji hutupwa. Za nywele ambazo ni ghali zinaweza kuoshwa kwa sabuni na maji ya moto na kukaushwa kabisa, lakini kama daktari ametaja virusi mimi nisingezirudia. Kibano hubadilishwa mpira wake na chuma kikasuguliwa kwa sabuni kisha spiriti.

Mpaka wa kurudi nyuma uwe upi? Dalili za bakteria huweza kujitokeza ndani ya siku chache, ila adenovirusi huweza kukaa wiki moja hadi mbili kabla jicho halijawa jekundu. Kwa hiyo kila kilichogusa macho katika wiki mbili kabla ya dalili kihesabiwe kuwa kimeguswa. Chokea kwenye ukingo wa kope nayo hufuata kanuni hiyohiyo ya kutupa. Mzio haufuati: macho yote mawili yakiwasha sana, yakitoa machozi mepesi bila usaha, na hali ikianza baada ya kipodozi kipya, anayepaswa kuondoka ni hicho kipya peke yake.

Upande wa lenzi, jozi aliyokuwa akiivaa hutupwa, kikasha chake hutupwa, na chupa ya dawa ya lenzi iliyokwisha kufunguliwa hutupwa pia. Kuna hali moja tu ambapo asitupe lenzi kwanza. Kama kuna maumivu yanayoendelea baada ya lenzi kutolewa, kama mwanga unachoma, kama kuona kumepungua, au kama doa jeupe linaonekana juu ya sehemu yenye rangi ya jicho, huenda konea yenyewe imeshambuliwa, na hapo aende kwa daktari wa macho siku hiyohiyo akiwa na lenzi ndani ya kikasha chake, kwa sababu maabara inaweza kuotesha vijidudu kutoka humo na kujua dawa ipi itafaa.

Katika mfano wetu, matone yanatumiwa hadi mwisho wa siku alizopangiwa, na katika muda wote huo anavaa miwani, hata kama jicho la kushoto halijaugua. Kope hazipakwi chochote. Daktari akimruhusu, na jicho likiwa jeupe bila tongotongo kwa angalau siku nzima baada ya dawa kwisha, anaanza na lenzi mpya peke yake kwa siku mbili tatu. Zikikaa vizuri anaongeza ile krimu ya kope, na maskara mpya anaifungua mwisho, akiandika tarehe ya kuifungua kwenye bomba kwa kalamu isiyofutika.